Kofia ya Jaketi Huanzia Shingoni

Kofia ya jaketi iliyoshonwa vibaya haijifichi. Mtazame aliyeivaa. Akigeuza kichwa kuangalia gari linalokuja, kofia inabaki ilipo na jicho moja linazama kwenye kitambaa. Akifunga zipu hadi juu, kitambaa kinambana koo huku utosi ukiachwa wazi. Akiivua na kuiacha ining'inie mgongoni, jaketi zima linavutwa nyuma, na kila baada ya hatua chache analirudisha mbele kwa mikono miwili. Wengi husema kofia hiyo ni ndogo, wakaagiza kubwa zaidi, na hiyo kubwa ikaja na kasoro zilezile, tena zimeongezeka. Mara nyingi kichwa hakina kosa. Kosa liko pale kofia inapokutana na shingo ya jaketi.

Nyanda za juu hazina mchezo kuanzia Juni hadi Agosti. Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto, au ukivuka mpaka ukafika Limuru, asubuhi ina ukungu, na anayeendesha bodaboda huuhisi masikioni kabla ya mahali pengine popote. Kwenye mitumba majaketi mepesi ya nailoni yamejaa, ila mengi hayana kofia. Kwa hiyo mtu hununua jaketi lake, akatafuta kipande cha kitambaa kinachofanana, akaenda kwa fundi na ombi moja: niwekee kofia. Ombi hilo ni fupi kuliko kazi yenyewe, lakini kazi ikieleweka, hata mwenye cherehani ya kawaida nyumbani ataifanya ikatulia.

Tuchukue jaketi moja tulifuate hadi mwisho. Ni lile fupi la nailoni, lenye zipu mbele, lisilo na bitana, ambalo mikononi, kiunoni na shingoni limezungushiwa ribu, yaani kile kitambaa cha kuvutika chenye mistari. Nimelichagua kwa sababu zipu yake inaishia pale shingo inapoanza. Ukitoa ile ribu ya shingo, zipu inabaki na urefu wake sahihi na kofia inakaa mahali pa ribu. Majaketi yenye kola ya kusimama ambayo zipu inapanda hadi ncha ya kola ni habari nyingine. Ukiiondoa kola hiyo unabaki na zipu inayoning'inia hewani. Kwa hayo ni afadhali kola ibaki, na kofia iingizwe kwenye mshono wa chini ya kola, upande wa nje.

Kuhusu kitambaa cha kofia, kisiwe kizito kuliko jaketi. Flisi nene juu ya nailoni nyembamba inapendeza ikiwa imetundikwa dukani, ila ikivaliwa, uzito wote unaning'inia nyuma ya shingo na jaketi halikai mabegani. Njia rahisi ni kununua jaketi la pili la bei ya chini, lililochanika au lenye zipu mbovu, na kukata kofia kwenye mgongo wake. Rangi isipolingana, ifanye tofauti kabisa, nyeusi juu ya bluu kwa mfano, ionekane umekusudia.

Ribu hufumuliwa kwa wembe, kwa utulivu. Usikate kila mshono. Kata mmoja, ruka mitatu au minne, ukate mwingine, kisha geuza upande wa pili na uvute uzi. Unatoka wenyewe bila kuumiza kitambaa. Nailoni haisahau. Tundu la sindano kwenye pamba hujifunga likifuliwa, ila kwenye nailoni tundu hubaki kuwa tundu. Kabla ya kufumua, chukua chaki uweke alama katikati ya mgongo, pale penye kikosi, maana ribu ikishatoka shingo inalegea na katikati inakuwa vigumu kuipata kwa macho.

Sasa kuna jambo la kufanyika haraka. Shingo iliyofumuliwa ni ukingo wa mviringo, na sehemu kubwa ya mviringo imekatwa hanamu, yaani nyuzi za kitambaa zimekaa mshazari. Ukingo wa hanamu unatanuka hata ukiushika tu. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, piga mshono mmoja wa kawaida kuzunguka shingo yote, kwenye jaketi peke yake, ndani kidogo ya ukingo, kama milimita 8 hivi. Mshono huo hauungi kitu. Kazi yake ni kuizuia shingo isitanuke wakati unaendelea na mengine. Fundi anayeuruka hugundua jioni kwamba shingo aliyoipima asubuhi ikiwa sentimita 45 imekuwa 47.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yote, nami nitakaa hapo kidogo. Unaipima shingo wapi?

Fundi mmoja wa Njombe, mama mtu mzima mwenye meza yake barazani, nilimkuta na kijana wa bodaboda aliyekuja na jaketi la namna hii.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba unipime kichwa, nataka kofia hapa.”

“Kichwa chako hakikimbii, baba. Nipe kwanza hilo jaketi.”

Alilitandaza mezani, akalikunja katikati ya mgongo ili zipu mbili zikutane, kisha akasimamisha futi kwa ukingo wake. Hakuilaza kama tunavyofanya tukipima kiuno. Ikisimama hivyo, futi inapinda kufuata mviringo bila kujikunja. Akaitembeza juu ya mstari wa matundu ya zamani, yale yaliyoachwa na sindano ya kiwandani. Kwenye nailoni matundu hayo yanaonekana wazi kama nukta, na ndiyo yanayokuambia mshono halisi ulipita wapi. Ukingo wa kitambaa, ule uliokatwa na mkasi, hakuugusa.

Tofauti kati ya mistari hiyo miwili huonekana ndogo. Ni sentimita 1 tu, ziada ya mshono. Lakini shingo ni mviringo, na mviringo una hesabu yake: duara kamili likipungua sentimita 1 kutoka katikati yake, mzingo unapungua kwa zaidi ya sentimita 6. Shingo ya jaketi si duara kamili, hivyo upungufu ni kidogo kuliko huo, lakini haupotei. Jaketi letu lina sentimita 45 kwenye mstari wa matundu na karibu 40 kwenye ukingo. Anayepima ukingo hukata kofia ya sentimita 40. Anapofika kwenye kuunga anakuta imepungua, anaivuta ili ifike, na pale mabegani panatokea mikunjo midogo inayotawanyika kama miale. Mteja akilalamika, anaambiwa nailoni ndivyo ilivyo.

Pima nusu moja kwa sehemu mbili: kutoka katikati ya mgongo hadi mshono wa bega, kisha kutoka mshono wa bega hadi kwenye zipu. Kwa jaketi letu sehemu ya nyuma ni sentimita 9.5 na ya mbele ni 13, jumla 22.5. Ziandike zote mbili. Jumla peke yake haitoshi, kwa sababu baadaye utataka kujua bega linaangukia wapi kwenye kofia.

Baada ya hapo ndipo kichwa kinapimwa. Aliyesimama wima awekewe futi kwenye kishimo cha koo, pale zipu inapoishia, ipandishwe kando ya shavu, ipite juu ya utosi na kushuka upande wa pili hadi pale ilipoanzia. Iwe imelegea kidogo. Tuseme ni sentimita 72, basi nusu yake, 36, ndiyo urefu wa ukingo wa uso wa kofia. Kwa upana, kuanzia usoni hadi kisogoni, mtu mzima wa kawaida huwa na sentimita 25 au 26 kwa kila kipande. Mwenye nywele nyingi au rasta aongezewe. Lakini usiongeze kwa ajili ya kujipa moyo, maana upana uliozidi ndio ule unaoziba jicho mtu akigeuka.

Kofia tunayochora ni ya vipande viwili, vinavyoungwa katikati kuanzia paji la uso, juu ya utosi, hadi kikosini. Ipo nyingine ya vipande vitatu, yenye ukanda mrefu katikati, ambayo inakaa kichwani vizuri zaidi, na kwa jaketi la mvua ina faida kwamba mshono haupiti juu ya utosi kabisa. Ya viwili inatosha kwa upepo na manyunyu.

Chukua karatasi kubwa, hata gazeti. Upande wa kulia chora mstari wima wa sentimita 36. Huo ni ukingo wa uso. Kutoka ncha yake ya juu nenda kushoto sentimita 26, halafu shuka chini. Kona ya juu kushoto izungushe vizuri, kwa kuanza kupinda sentimita 10 hivi kabla ya kuifikia, ili ifuate umbo la kisogo. Hadi hapa hakuna anayekosea. Linalobaki ni ukingo wa chini, ule wa kuungwa na shingo, na wengi hapo huchukua rula wakauchora umenyooka.

Mwili hauko hivyo. Simama kando ya mtu umtazame ubavuni: kikosi chake kiko juu kuliko kishimo cha koo. Shingo ya jaketi nayo, ikivaliwa, inateremka kutoka nyuma kuja mbele. Kofia iliyokatwa moja kwa moja chini ina urefu uleule mbele na nyuma. Ikishashonwa, mbele inalazimika kushuka hadi kooni na haina kitambaa cha kushukia, hivyo inauvuta ukingo wa uso kutoka kwenye paji. Nyuma kitambaa kinabaki bure, na kinajikusanya kikosini kama mfuko. Hizo ndizo dalili mbili za ukingo ulionyooka, na huwa zinakuja pamoja.

Kwa hiyo ncha ya mbele ya ukingo wa shingo ndiyo iwe ya chini kabisa, na ncha ya nyuma iwe juu yake. Kwa jaketi letu iko juu kwa sentimita 5. Mstari unaoziunganisha haunyooki. Unatoka mbele ukiwa umelala sawa kwa kidole kimoja au viwili, unapanda ukiwa umetuna kwa nje, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayojaza bonde la shingo ya mbele, kisha ukikaribia bega unageuka na kulala tena hadi kikosini. Ukiutazama wote una umbo la herufi S iliyovutwa na kulazwa. Upime kwa futi iliyosimama, kama ulivyopima jaketi, na uusogeze hadi upate 22.5. Kwa mpindo huo ncha ya nyuma itaangukia kama sentimita 21 au 22 kutoka kwenye mstari wa uso. Mgongo wa kofia, ambao kwenye kisogo uko sentimita 26, utaingia ndani taratibu ukishuka, hadi ukutane nayo. Weka alama sentimita 9.5 kutoka ncha ya nyuma. Hapo patakutana na mshono wa bega.

Kabla ya kuweka penseli chini, tazama kona ya kikosini. Ukingo wa shingo na mstari wa mgongo wa kofia vikutane kwa nyuzi 90, angalau kwa sentimita 1 ya mwisho. Kona ikiwa na ncha kali au ikiwa butu, kipande cha pili kitakapofunguka upande wa pili, shingo yako itakuwa na kichongo au shimo katikati ya nyuma, mahali ambapo hakuna namna ya kupaficha.

Sasa ongeza ziada: sentimita 1 shingoni, sentimita 1 kwenye mshono wa katikati, na sentimita 3 kwenye ukingo wa uso kwa ajili ya upindo utakaopitisha kamba. Sehemu ya upindo ina ujanja wake. Kunja karatasi kwenye mstari wa uso, upindo ukiwa umelala nyuma, na karatasi ikiwa imekunjwa hivyo ndipo ukate ukingo wa shingo, karatasi mbili kwa pamoja. Ukiifungua utaona upindo umepata mteremko wake wenyewe, kama kivuli cha ule wa mbele. Asiyefanya hivyo huukata upindo moja kwa moja, na anapoukunja anakuta ncha yake imepungukiwa chini au inachungulia kwenye mshono.

Usikate nailoni bado. Kata kwanza shuka kuukuu, liunge kwa mishono mikubwa, ulibanike kwenye jaketi na mwenyewe avae. Ageuze kichwa kushoto na kulia, ainame kama anafunga viatu, afunge zipu. Kooni kukivuta, ongeza mteremko wa mbele kwa sentimita 1. Kikosini kukijaa, punguza hapo nyuma. Jicho likizibwa, upana umezidi. Kazi hii ya nusu saa huepusha kazi ya kufumua nailoni, ambayo tumeshaona matundu yake hayafi.

Nailoni ikatwe nyuzi zake za urefu zikiwa sambamba na ukingo wa uso, na vipande viwe pacha wanaotazamana. Kitambaa cha jaketi mara nyingi kina upande uliopakwa dawa ya kuzuia maji, na ni rahisi mno kujikuta una vipande viwili vya kushoto. Kikunje kitambaa, ukate vyote viwili mara moja. Pini zitumike ndani ya ziada ya mshono tu. Kwingine vibanio vya nguo vinafanya kazi nzuri na havitoboi. Sindano iwe nyembamba, namba 70, tena mpya, uzi wa poliesta, na mshono wa milimita 2.5 hadi 3. Mishono midogo mno huichana nailoni kama karatasi ya stempu.

Unga vipande viwili kwenye mshono wa katikati, upige ovaloki, ulaze mshono upande mmoja na kuupiga mstari wa juu. Ila sentimita 4 za mwisho kuelekea usoni usizilaze. Zifungue kulia na kushoto. Mshono huu unaingia ndani ya njia ya kamba, na ukilazwa unakuwa kigingi. Pini ya kupitishia kamba itafika hapo na kukwama, na kamba nayo itakwama hapo maisha yake yote.

Kinachofuata ni matundu ya kamba, na lazima yatangulie kukunja upindo. Likitobolewa baada ya upindo kushonwa, tundu linapita tabaka zote mbili na kamba inatokea ndani shingoni badala ya nje. Tundu moja kila upande, sentimita 4 juu ya mstari wa mshono wa shingo, na sentimita 1 kutoka kwenye mstari wa kukunjia, upande wa kofia. Nyuma ya kila tundu bandika kipande cha stifu au kitambaa kigumu, kikubwa kama sarafu. Nailoni nyembamba bila kitu nyuma yake haiwezi kuishikilia pete ya chuma: pete inang'oka na nyuzi zake baada ya kuvutwa mara chache. Mimi napendelea tundu la kifungo lililosimama wima, la sentimita 1.2, lililoshonwa kwa cherehani. Halina pete ya kung'oka wala kutu, na kwenye kitambaa chepesi linapendeza zaidi.

Kunja sentimita 1 kwanza, kisha kunja kwenye mstari wa uso, na ushone kandokando ya mkunjo wa ndani. Umepata njia yenye nafasi ya karibu sentimita 2. Kwa kamba ya mviringo ya milimita 5 nafasi hiyo inatosha bila kulegea. Njia nyembamba sana hubana kamba, na kofia ikishavutwa haifunguki; pana sana, kamba inajigeuza ndani na ukingo wa uso unajikunja ovyo. Pasi itumike ya moto mdogo, kitambaa cha pamba kikiwa katikati. Kwenye nailoni, pasi ya moto mkali huacha alama inayong'aa, halafu tundu.

Sasa tunarudi shingoni. Shingo ya jaketi imepinda sana na ukingo wa kofia umepinda kidogo, kwa hiyo shingo lazima ifunguke ili ilingane na kofia. Ikatwe kwa ncha ya mkasi kila baada ya sentimita 2, kwenye ziada tu, bila kuufikia ule mshono wa kuzuia kutanuka. Weka kofia na jaketi nje kwa nje. Banika kikosi kwanza, halafu ncha mbili za mbele kwenye zipu, halafu mabega kwenye zile alama za sentimita 9.5. Kofia ikizidi kwa nusu sentimita kati ya bega na kikosi si neno, itagawanyika na kumezwa na mshono. Ikizidi mbele, usiilazimishe. Pima tena, kuna mahali alama imehama.

Lishone jaketi likiwa juu na kofia chini, ili uone kila mkato unavyofunguka. Anza kikosini uelekee zipu ya kulia, kisha rudi kikosini uelekee ya kushoto. Anayeanza zipu moja akaenda moja kwa moja hadi nyingine husukuma kitambaa kidogo kidogo, na mwishoni ncha moja ya kofia inakuwa juu kuliko mwenzake. Zipu ikifungwa, tofauti ya milimita 4 inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mwisho wa upindo wa uso unaingia ndani ya mshono huu na kufungwa nao. Kamba haijaingizwa bado, na hiyo ni makusudi, isije ikashonewa humo.

Mshono ukikamilika, ulaze kuelekea chini, upande wa jaketi. Ukilazwa juu unasugua shingo. Ufunike kwa ukanda wa hanamu wa pamba nyepesi, wa sentimita 3, kutoka zipu hadi zipu, na upige mstari wa juu kwenye jaketi, milimita 5 kutoka mshonowe. Ukanda uwe wa hanamu kweli, si uliokatwa moja kwa moja, maana unapita kwenye mviringo na usiponyumbulika utakunjika.

Kamba sasa. Njia ya usoni ni mara mbili ya 36, yaani 72, toa zile 4 za kila upande chini ya matundu, inabaki 64. Ongeza mikia ya sentimita 20 kila upande na kidogo cha mafundo, ukate 110. Ncha za kamba ya nailoni zichomwe kwa kiberiti ziyeyuke kidogo zisifumuke. Ipitishe kwa pini ya kufungia nepi, isawazishe, kisha piga mshono mfupi juu ya njia pale penye mshono wa katikati, upite kwenye kamba yenyewe. Mishono hiyo michache inazuia kamba kutoka nzima siku mtu atakapovuta upande mmoja au nguo itakapofuliwa kwa mashine.

Hayo ni ya mtu mzima. Jaketi la mtoto lisiwe na kamba kichwani kabisa. Mwaka 1976 Uingereza ilipiga marufuku kamba za kuvuta kwenye kofia za majaketi ya watoto, na mwaka 1996 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ikatoa mwongozo wa kuziondoa, baada ya watoto kufa kwa kamba zilizonasa kwenye viteleza vya michezo na milango ya magari. Mkia wa kamba wenye fundo ukiingia kwenye ufa, unakwama, na mwili unaendelea kwenda. Kiwango cha Ulaya, EN 14682, nacho hakiruhusu kamba kwenye kofia au shingo ya nguo za watoto walio chini ya miaka 7.

Kwa mtoto, njia ile ile ya upindo inapokea lastiki bapa badala ya kamba, na matundu hayatobolewi. Lastiki iwe ya milimita 6, fupi kuliko njia kwa kama sentimita 6 hadi 8, ncha zake zishonewe ndani ya mshono wa shingo kulia na kushoto wakati wa kuunga kofia. Kwa hiyo hapa mpangilio unabadilika: lastiki inaingia kabla shingo haijafungwa, na ikishafungwa haitoki tena bila wembe. Basi mpime mtoto kwanza, akiwa na zile nywele atakazokuwa nazo siku ya kulivaa.